Yule Mke Hana Ndugu?

Mvulana alikuwa na miaka 11. Aliketi mbele yangu, mikono ameikalia, macho kwenye kinasa sauti. Nilikuwa nimemsomea kisa cha Heinz polepole, kama nilivyofundishwa. Mke wa Heinz ana saratani na yu karibu kufa. Dawa moja tu inaweza kumponya, na aliyeigundua ni mfamasia wa mji huohuo. Kuitengeneza kunamgharimu dola 200, naye anaiuza dola 2,000. Heinz amekopa kwa kila anayemjua, amepata 1,000. Amemsihi mfamasia ampunguzie bei, au ampe dawa amalizie deni baadaye, na mfamasia amekataa. Sasa Heinz anafikiria kuvunja duka na kuiba ile dawa. Je, afanye hivyo?

Mvulana alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Yule mke hana ndugu?"

Nikamwambia kisa hakisemi. Akauliza tena: "Na wazazi wa Heinz wanajua?" Nikamwambia tuchukulie kwamba wote wameshatoa walichokuwa nacho. "Basi waende wote kwa mfamasia, si Heinz peke yake. Mtu mmoja akienda anafukuzwa." Nikamrudisha kwenye swali: aibe, au asiibe? Akaanza tena habari za wazee wa mfamasia. Nikamrudisha mara ya pili. Mara ya tatu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Asiibe." Kwa nini? "Atafungwa."

Nikaandika kwenye fomu: anaepuka adhabu, hatua ya kwanza. Nikamshukuru, nikamwita mwingine.

Miaka ile nilikuwa msaidizi wa utafiti. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na watoto wa shule ya msingi kuhusu mema na mabaya, kunasa mazungumzo, kuyaandika neno kwa neno, na kuyapa alama. Niliipenda mno, na bado naipenda. Lakini nilichukua muda mrefu kutambua kwamba siku ile sikupima fikra za yule mvulana. Nilipima kilichobaki baada ya mimi kuzikata mara tatu.

Niseme kwanza fomu ile ilitoka wapi. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alikuwa amewahoji wavulana 72 wa miaka 10, 13 na 16, akiwapa mitanziko kama huu wa Heinz, kisha yeye na wenzake wakaendelea kuwarudia wengi wao kwa takribani miaka 20. Jambo kubwa aliloliona, na ambalo mimi bado naliheshimu, ni kwamba jibu la "aibe" au "asiibe" halituambii kitu. Watoto wawili wanaweza wote kusema "asiibe" huku mmoja akiogopa polisi na mwingine akifikiria itakuwaje kila mtu akijichukulia sheria mkononi. Kinachopewa alama ni sababu. Akazipanga sababu hizo katika hatua sita. Za mwanzo ni za adhabu na faida yangu mwenyewe. Za katikati ni za kuwa mtu mwema machoni pa walio karibu nami, kisha za sheria na utaratibu wa jamii. Za juu kabisa ni za haki na kanuni ambazo mtu mwenye akili timamu angezikubali popote alipo, hata zikipingana na sheria iliyopo.

Ngazi hiyo ina mantiki. Nimewahoji watoto wa miaka 6 na wa miaka 12 kwa kisa kilekile, na tofauti huisikia hata aliyekuwa nje ya mlango. Tatizo liko juu ya ngazi. Mwaka 1985 John Snarey alikusanya tafiti 45 zilizofanywa katika jamii 27 kwa njia ya Kohlberg. Hatua za chini na za katikati zilionekana karibu kila mahali. Hatua ya tano, ile ya kanuni, ilionekana zaidi kwa watu wa mijini, na katika jamii za vijijini ilikuwa karibu haipo kabisa. Mtu anaweza kusoma matokeo hayo akasema kwamba wanakijiji wa dunia nzima hawajakomaa kimaadili. Snarey alisoma nakala za majibu akaona jambo jingine: kulikuwa na hoja nzito za kushirikiana na kuwajibika pamoja ambazo mwongozo wa alama haukuwa na mahali pa kuziweka. Mwenye kupima akikuta hoja isiyo na kisanduku, huishusha mpaka kwenye kisanduku kinachofanana nayo. "Waende wote" inageuka kuwa "anataka kuonekana mwema kwa ndugu zake."

Mimi nilifanya vibaya zaidi, kwa kuwa sikuishusha hoja yenyewe. Nilimshusha mtoto mpaka akaiacha.

Hapa pana jambo la ufundi ambalo wengi wanaozungumza na watoto hawalijui, wakiwemo wazazi. Mtoto aliyeulizwa swali lilelile mara mbili na mtu mzima huelewa kwamba jibu la kwanza lilikuwa baya. Hafikirii kwamba unataka kusikia zaidi. Anafikiria kwamba amekosea, naye hutafuta jibu utakalolipenda. Neno "kwa nini" lina madhara hayohayo, kwa sababu mtoto amezoea kulisikia akiwa ameshavunja kitu. Utamtambua aliyeshika njia hiyo: sauti inapanda mwishoni mwa sentensi kana kwamba anauliza, anakutazama usoni kabla ya kumaliza, na sababu anazotoa zinakuwa fupi na za kuogopesha, jela, fimbo, kufukuzwa. Ukiziona hizo, usiandike hatua ya kwanza. Andika kwamba umemtisha.

Baadaye nilijifunza kuuliza kwa njia nyingine. Badala ya "kwa nini" nilisema "nieleze ulivyofikiria." Na badala ya kurudia swali nilisema, "Kuna mtoto aliyesema kinyume na wewe. Ungemwambia nini?" Swali hili la pili ni la thamani kubwa. Mtoto anayefuata upepo atahama mara moja. Mwenye hoja yake ataitetea, na akiitetea ndipo unapoisikia yote.

Msichana mmoja ndiye aliyenionyesha umbali ambao njia hiyo inaweza kufika. Alikuwa na miaka 10. Katika darasa lake vitabu kadhaa vya kusomea vilikuwa vimechanika, na asubuhi moja vikakutwa vimebandikwa kurasa zake vizuri. Mwalimu akauliza ni nani aliyefanya kazi ile. Kimya. Akamuuliza msichana huyu moja kwa moja, kwa kuwa gundi ilikuwa bado kwenye vidole vyake. Akajibu, "Sijui." Mwenzake akasema, "Ni yeye, tulimwona." Mwalimu akampongeza, kisha akamwonya mbele ya wote: umefanya jema, lakini umesema uongo, na uongo ni uongo.

Nilikuwepo, nami nilikubaliana na mwalimu. Nilikuwa na hofu kwamba mtoto akizoea uongo mdogo ataufikia mkubwa. Siku mbili baadaye zamu yake ya mahojiano ikafika, nikaamua kuacha kisa cha kitabuni na kumuuliza juu ya kisa chake, kwa ruhusa yake.

Nilianza na swali la wazi: lile ulilosema, ulilionaje? Akasema halikuwa baya. Nikamwambia anieleze alivyofikiria. "Ningesema ni mimi, ningekuwa najisifu. Halafu yule aliyevichana angeona namsema." Hilo la pili sikulitegemea. Alikuwa anamlinda mtu.

Nikaendelea na swali ambalo nalithamini kuliko yote katika fani hii, swali la ruhusa. Linatokana na mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake, ambao tangu miaka ya 1970 walionyesha kwamba hata watoto wadogo wa chekechea hawazichukulii kanuni zote kwa namna moja. Ukimuuliza mtoto, "Kama mwalimu angesema kuanzia leo mnaruhusiwa kula mkiwa mmesimama, ingekuwa sawa?" atakubali. Ukimuuliza, "Kama mwalimu angesema mnaruhusiwa kumsukuma mwenzenu kwenye ngazi, ingekuwa sawa?" atakataa, na wengine hukasirika kabisa. Kwa mtoto, kanuni ya kwanza imeshikiliwa na mwenye mamlaka. Ya pili imeshikiliwa na maumivu ya anayesukumwa. Utaratibu ni jambo moja, maadili ni jambo jingine, na mtoto anazitenganisha mapema kuliko Kohlberg alivyodhani.

Basi nikamuuliza: kama mwalimu angeweka kanuni kwamba kila anayetenda jema ajitaje, ungesema? "Hapo ningesema. Kila mtu angekuwa anasema, nisingejisifu peke yangu." Kumbe kunyamaza juu ya wema wake ni jambo linalobadilika, alilifahamu hilo. Nikamuuliza tena: na kama ungekuwa wewe uliyevichana vile vitabu, ukasema hujui? "Huo ni uongo." Hata mwalimu akiruhusu? "Hata akiruhusu." Nikamwambia yote mawili ni "sijui" ileile, yana tofauti gani? Alifikiri kwa muda, nami safari hii nikajizuia kumsaidia. "Ya kuchana najificha mimi. Ya kubandika sijifichi, naficha kazi tu."

Nikamletea yule mtoto wa kinyume: kuna mwenzako aliyesema neno lisilo kweli ni baya siku zote. "Ningemwambia aangalie nani anaumia."

Niliporudi kwenye meza yangu nilitafuta kama kuna aliyeshalichunguza jambo hili, nikakuta utafiti wa Kang Lee na wenzake wa mwaka 1997. Waliwapa watoto wa China na wa Kanada, wa miaka 7, 9 na 11, hadithi za mtoto aliyetenda jema au baya, kisha akaulizwa na mwalimu, akasema kweli au akakana. Kuhusu ubaya uliofichwa, pande zote mbili zilikubaliana: kukana ni vibaya. Tofauti ilikuwa kwenye wema. Watoto wa Kanada waliona aliyejitaja amefanya vizuri na aliyekana amekosea. Watoto wa China, kadiri walivyokuwa wakubwa, walizidi kupunguza sifa za aliyejitaja na kuzidi kumwona aliyekana kuwa mtu mwema. Hilo la umri ndilo lililonigusa. Kama kukana kungekuwa utoto, kungepungua watoto wanapokua. Badala yake kuliongezeka, maana walikuwa wanakua kuelekea unyenyekevu.

Sentensi niliyoikubali darasani, uongo ni uongo, haikuwa kanuni ya juu kuliko ya msichana. Ilikuwa imebeba mambo machache kuliko kanuni ya msichana.

Nikitaja utafiti kama huu, baadhi ya watu hurukia upande wa pili haraka mno: basi kila jamii na maadili yake, hakuna la kupima. Nami nilipitia huko kwa miezi kadhaa. Kilichonirudisha ni mjadala wa mwaka 1987 ambao nadhani ndio bora kabisa katika fani hii. Richard Shweder, pamoja na Manamohan Mahapatra na Joan Miller, waliwauliza watoto na watu wazima wa Bhubaneswar, India, na wa mtaa wa Hyde Park, Chicago, juu ya matendo 39. Kuvunja ahadi na kumpiga teke mnyama asiye na kosa kulilaaniwa kote. Lakini Wabrahmani wa Bhubaneswar, Wahindu wa tabaka la juu, waliweka miongoni mwa makosa makubwa kabisa tendo ambalo kwa Wamarekani si kosa hata kidogo: mtoto wa kiume wa kwanza kunyoa nywele na kula kuku siku moja baada ya baba yake kufa. Nao hawakulihesabu kama utaratibu wa kwao tu. Walisema ni baya popote. Shweder akahitimisha kwamba mstari wa Turiel kati ya utaratibu na maadili ni mstari wa watu wanaohesabu madhara na haki za mtu mmojammoja pekee. Baadaye yeye na wenzake wakaeleza lugha tatu za maadili: ya uhuru na haki za mtu, ya jumuiya na wajibu, na ya utakatifu.

Turiel na wenzake wakajibu kwa swali rahisi: kwani yule mwana anamdhuru nani? Ukisikiliza wanaoliamini jambo hilo, tendo la mwana linaizuia roho ya baba. Basi kwao kuna anayeumia. Kinachotofautiana ni picha ya ulimwengu, yaani nani yupo na nani anaweza kuumizwa, kuliko wazo lenyewe kwamba kuumiza ni vibaya.

Mimi nadhani Turiel yuko sahihi kwa kiasi kikubwa, ila si kabisa. Nimekutana na watoto ambao ukiwauliza nani anaumia wanajibu "hakuna," na bado wanashikilia kwamba jambo ni baya kwa sababu ni aibu au ni uchafu, na kwamba ni baya kila mahali. Jonathan Haidt, Silvia Koller na Maria Dias waliona hivyo mwaka 1993 huko Recife, Porto Alegre na Philadelphia walipowapa watu visa visivyo na aliyeumizwa, kama mtu kusafishia choo bendera kuukuu ya taifa. Na tofauti kubwa zaidi haikuwa kati ya Brazili na Marekani. Ilikuwa kati ya watu wa hali ya juu na wa hali ya chini kimaisha ndani ya miji hiyohiyo. Neno "utamaduni" tunalichora kwa mipaka ya nchi, na huenda linapita katikati ya mtaa.

Kwa hiyo swali la "nani anaumia" siku hizi naliuliza daima, lakini siruhusu liwe mlango pekee. Mtoto akisema hakuna anayeumia na bado ni vibaya, namwambia anieleze ubaya wake unakaa wapi, na ninaandika maneno yake mwenyewe kabla ya kutafuta kisanduku.

Katika darasa lilelile la vitabu, wiki iliyofuata, nilimhoji msichana mwingine. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia unyenyekevu, kwa vile nilishaamua kwamba ndiyo tabia ya darasa lile. Nikamuuliza angefanyaje angekuwa yeye mwenye gundi vidoleni. "Ningesema ni mimi." Na kujisifu je? "Si kujisifu. Mimi nafanya kazi nyingi nyumbani, hakuna anayejua, anasifiwa kaka. Wanasema mtoto mzuri hasemi." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Wanaosema hivyo ndio wanaosifiwa."

Niliandika sentensi hiyo mara mbili kwa bahati mbaya, mkono ulikuwa unatetemeka. Kama ningemaliza kazi na msichana wa kwanza peke yake, ningeripoti kwamba watoto wa pale huthamini unyenyekevu kuliko ukweli, na huyu wa pili angefutika. Angefutwa na mimi, niliyejiona nauheshimu utamaduni wao. Turiel alilisisitiza hili katika kazi zake za baadaye: ndani ya jamii yoyote, wale wanaobebeshwa mzigo na desturi huiona kwa jicho tofauti na wale wanaobebewa. Ukiuliza jamii inathamini nini, muulize na aliye chini.

Nimeacha mengi. Sikusema lolote juu ya pengo kati ya anachosema mtoto na anachofanya, ambalo ni kubwa, na mahojiano hayawezi kuliziba. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliyenipa hoja bora ya haki niliyowahi kuisikia alichukua penseli yangu alipotoka.

Kanda ya mvulana wa Heinz niliisikiliza upya karibu miaka miwili baadaye, tulipokuwa tunarudia alama na mwenzangu ambaye hakuwahi kumwona mtoto yule. Alisimamisha kanda pale ninaposema kwa mara ya tatu "aibe au asiibe," akarudisha nyuma kidogo. Chini ya sauti yangu kuna sauti ya mvulana ambayo sikuwahi kuiandika, kwa kuwa tulizungumza kwa wakati mmoja. Anasema: "Mfamasia naye ana watu. Watu wake hawawezi kumwacha amuue mtu."

Mwenzangu akaniuliza niliandika nini hapo. Nikamwonyesha fomu. Kwenye safu ya maelezo, kwa mwandiko wangu nadhifu, ilisomeka: *hajajibu swali*.